Uthibitisho wa kipeuo cha pili cha 2: kila hatua inatoka wapi, na dhana zinaingia mahali gani?

Chaki Nyeupe

Habari zenu wanajukwaa. Juzi niliwasilisha mbele ya kikundi chetu cha masomo uthibitisho kwamba √2 haiwezi kuandikwa kama sehemu. Niliuandika ubaoni bila kusita, lakini maswali yalipoanza niligundua kwamba nilijua mistari inavyofuatana bila kujua kwa nini inafuatana. Nitawasilisha tena, na safari hii nataka kila "kwa hiyo" iwe na sababu ninayoweza kuitamka. Niliandika hivi:

Hatua ya 1. Tuseme √2 = a/b, ambapo a na b ni namba kamili kubwa kuliko 0.
Hatua ya 2. Tuseme pia a/b imerahisishwa kabisa, yaani a na b hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1.
Hatua ya 3. Tukipiga mraba pande zote, a² = 2b².
Hatua ya 4. Kwa hiyo a² ni shufwa.
Hatua ya 5. Kwa hiyo a ni shufwa, tuandike a = 2c.
Hatua ya 6. Tukiweka 2c mahali pa a, 4c² = 2b², yaani b² = 2c².
Hatua ya 7. Kwa hiyo b² ni shufwa, na b pia ni shufwa.
Hatua ya 8. Basi a na b zote zinagawanyika kwa 2, jambo linalopingana na hatua ya 2. Kwa hiyo √2 si sehemu.

Niliulizwa mambo matatu. Kwanza, nani ameniruhusu kuandika hatua ya 2, maana inaonekana nimejiongezea dhana ninayoitaka ili baadaye niivunje? Pili, kwa nini a² ikiwa shufwa basi a nayo iwe shufwa? Tatu, na hili ndilo lililonikalisha chini: mwenzangu alisema, "Futa 2 uweke 4 kila mahali. Ni hatua ipi inayokataa?" Tunajua √4 ni 2, kwa hiyo lazima kuna hatua inayokataa, lakini nilisimama pale ubaoni nisiione.

Kikokotoo

Ndugu, nadhani mnajisumbua bure. Ukiuliza kikokotoo, √2 ni 1.414213562, na tarakimu zinaendelea bila kwisha. Sehemu huisha au hujirudia, hii haiishi wala haijirudii, kwa hiyo si sehemu. Waonyeshe tarakimu hizo na mjadala utakuwa umefungwa.

Bi Mizani

Ndugu Kikokotoo, kauli yako kuhusu sehemu ni ya kweli, ila hujaonyesha kwamba tarakimu hazijirudii. Umeona kumi tu. Chukua sehemu 665857/470832, uiweke kwenye kikokotoo hicho hicho chenye nafasi kumi. Utapata 1.414213562, tarakimu zile zile ulizopata kwa √2, ilhali hii ni sehemu kabisa. Ukipiga mraba kiasi chake utapata namba inayozidi mara mbili ya mraba wa asili yake kwa 1 tu. Tofauti hiyo ya 1 ndiyo inayoizuia isiwe √2, na kikokotoo hakina nafasi ya kuionyesha. Ukipenda mfano mdogo unaoweza kuupiga kwa mkono, jaribu 577/408: mraba wa 577 ni 332929, na mara mbili ya mraba wa 408 ni 332928.

Sasa kwa ndugu Chaki. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu la tatu limejificha ndani yake. Hatua ya 5 haitoki kwenye hatua ya 4 peke yake. Kuna kauli nyingine ambayo hukuiandika, nayo ni hii: mraba wa namba witiri ni witiri. Ukiwa na namba witiri 2k + 1, mraba wake ni 4k² + 4k + 1, ambao ni 2(2k² + 2k) + 1, na huo ni witiri. Kwa hiyo kama a ingekuwa witiri, a² ingekuwa witiri pia, na hatua ya 4 imekwisha kulikataa hilo. Ndani ya kauli hiyo kuna nyingine tena: kila namba kamili ni ama 2k ama 2k + 1, hakuna ya tatu. Ni jepesi kiasi kwamba hakuna anayelitaja, lakini ndilo linalobeba uzito wote wa hatua ya 5.

Sitakujibu la tatu moja kwa moja. Andika upya mistari yote minane ukiweka 4 badala ya 2, polepole, na kila ukifika penye "kwa hiyo" tafuta namba halisi ya kuijaribu. Njia hii ya kuulazimisha uthibitisho uthibitishe jambo la uongo ndiyo ninayoiamini kuliko zote katika kuutafuta mlango ambao dhana imepitia, kwa sababu mstari unaogoma ndio uliokuwa unaitumia dhana hiyo.

Mtema Hoja

Naona hatua ya 5 inafanywa ngumu kuliko ilivyo, hata haihitaji habari za shufwa na witiri. a² ni a × a. Namba ikigawanya zao la namba mbili, lazima igawanye mojawapo. Hapa zote mbili ni a, kwa hiyo inagawanya a. Sababu hii inafaa kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa namba yoyote uitakayo, na uthibitisho unakuwa wa jumla papo hapo.

Chaki Nyeupe

Ahsante Bi Mizani, nimefanya ulivyoelekeza, na nadhani jibu langu linamgusa ndugu Mtema Hoja pia.

Nikiweka 4, hatua ya 3 inakuwa a² = 4b², na hatua ya 4 inasema a² inagawanyika kwa 4. Hadi hapo hakuna kosa. Hatua ya 5 ingetaka niseme a inagawanyika kwa 4. Nikajaribu a = 2: mraba wake ni 4, unagawanyika kwa 4, lakini 2 yenyewe haigawanyiki kwa 4. Mlolongo unakatikia hapo. Na a = 2, b = 1 ndiyo sehemu ya √4 yenyewe, kwa hiyo imekatika palepale ilipopasa kukatika.

Lakini ina maana sababu ya Mtema Hoja si ya namba yoyote. Nilijaribu na 12 pia: 12 inagawanya 36, ambayo ni 6 × 6, lakini haigawanyi 6.

Mtema Hoja

Nakubali, nilikwenda mbali mno. Basi nirekebishe: kauli yangu ni ya namba tasa. 2 ni tasa, 4 na 12 si tasa. Na kwa namba tasa haihitaji maelezo, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya kuwa tasa.

Bi Mizani

Umesogea sana, na nusu ya ulichosema ndiyo roho ya uthibitisho huu. Lakini hapo mwishoni, "hiyo ndiyo maana ya kuwa tasa", kuna dhana imepita bila kugonga hodi.

Shuleni tulifundishwa kwamba namba tasa ni ile isiyo na vigawo zaidi ya 1 na yenyewe. Hiyo inaeleza namba inavyovunjika. Unachokitumia wewe ni sifa nyingine: kwamba ikigawanya zao, inagawanya mojawapo ya namba zilizozidishwa. Katika namba kamili sifa hizi mbili huenda pamoja, lakini zinaenda pamoja kwa sababu kuna aliyethibitisha, si kwa sababu ni kitu kimoja. Ndiyo kauli ambayo hesabu imeiita kwa jina la Euklidi tangu zamani.

Kuona kwamba si kitu kimoja, ingieni katika ulimwengu mdogo ambamo namba zilizopo ni shufwa tu: 2, 4, 6, 8, na kuendelea. Kuzidisha kupo, kwa sababu shufwa mara shufwa ni shufwa. Katika ulimwengu huo 2 haivunjiki, kwa sababu haiwezi kuandikwa kama zao la shufwa mbili. Vilevile 6 na 18 hazivunjiki. Sasa tazameni 36. Ni 6 × 6, na pia ni 2 × 18. Kwa hiyo 2 inagawanya mraba wa 6. Je, 2 inagawanya 6? Katika ulimwengu huo, hapana, kwa sababu ingehitaji 3, na 3 haipo. Hatua ya 5 ya ndugu Chaki inakatika hapo kwa 2 yenyewe, ingawa 2 haivunjiki.

Kinachokosekana katika ulimwengu wa shufwa ni mabaki. Katika namba kamili tunaweza kuchukua namba yoyote, tukaigawa kwa 2, na baki likawa 0 au 1. Baki la 1 linahitaji namba 1 iwepo. Kwa hiyo mtu akikuuliza hatua ya 5 inasimama juu ya nini hasa, inasimama juu ya kugawa kwa kubakiza.

Asili na Kiasi

Samahani kwa kuingilia kati, ila nina kisa changu kinachofanana na hiki. Niliwahi kuwasilisha uthibitisho kwamba √2 + √3 si sehemu. Nilisema: √2 si sehemu, √3 si sehemu, kwa hiyo jumla yake si sehemu. Nilikatwa alama nyingi na sikuelezwa vizuri kwa nini. Mpaka leo naona jibu langu lilikuwa la kweli.

Bi Mizani

Jibu lako ni la kweli, ila "kwa hiyo" yako ilikuwa ya uongo, na alama zilikatwa kwa ajili ya hiyo. Chukua √2 na 2 − √2. Hakuna hata moja iliyo sehemu, lakini jumla yake ni 2. Kauli uliyoitumia haipo, kwa hiyo haiwezi kukufikisha popote, hata kama ulikofika ndiko.

Njia inayoshikamana ni hii. Ita jumla hiyo x. Ukiipiga mraba unapata x² = 5 + 2√6. Kama x ingekuwa sehemu, basi (x² − 5)/2 nayo ingekuwa sehemu, kwa sababu sehemu ukizizidisha, ukizitoa au ukizigawa kwa 2 zinabaki kuwa sehemu. Lakini hiyo ni √6. Kwa hiyo ukiwa umekwisha kuonyesha kwamba √6 si sehemu, umemaliza.

Asili na Kiasi

Nimeelewa sasa, nashukuru. Lakini umenirudisha kwa ndugu Mtema Hoja: 6 si namba tasa. Hatua ya 5 inaruhusiwaje kwa 6?

Chaki Nyeupe

Naomba nijaribu mimi, kwa mabaki. Nikigawa a kwa 6, baki linaweza kuwa 0, 1, 2, 3, 4 au 5. Miraba ya mabaki hayo, nikiigawa tena kwa 6, inabakiza 0, 1, 4, 3, 4, 1. Sifuri inatokea pale tu baki la a lilipokuwa sifuri. Kwa hiyo a² ikigawanyika kwa 6, a inagawanyika kwa 6, na hatua ya 5 inasimama ingawa 6 si tasa.

Kwa 4 mabaki ni 0, 1, 2, 3 na miraba yake inabakiza 0, 1, 0, 1. Ile sifuri ya pili, chini ya 2, ndiyo ufa nilioutafuta.

Kwa hiyo "tasa" inatosha lakini hailazimiki? Na kama hailazimiki, ni sifa gani hasa hatua ya 5 inayoihitaji?

Bi Mizani

Hapo umeuliza swali lenyewe. Inahitaji kwamba namba isigawanyike kwa mraba wowote mkubwa kuliko 1. Namba 6 ni 2 × 3, kila tasa imetokea mara moja, kwa hiyo a² ikigawanyika kwa 6 inagawanyika kwa 2 na kwa 3. Kwa kauli ya Euklidi a inagawanyika kwa 2 na kwa 3, na hivyo kwa 6. Ikiwa namba ina mraba ndani yake, kama 4, 8, 9, 12 au 18, utapata a inayoponyoka. Kwa 8, jaribu a = 4: mraba wake ni 16, unagawanyika kwa 8, lakini 4 haigawanyiki.

Ila msiharakishe hapa, maana watu wengi hujikwaa. Hatua ya 5 inakatika kwa 4 na inakatika kwa 8 vilevile. Lakini √4 ni 2, ilhali √8 si sehemu, kwa sababu ni 2√2, na kama ingekuwa sehemu basi nusu yake, √2, ingekuwa sehemu pia. Kwa hiyo uthibitisho kukatika hakusemi chochote kuhusu ukweli wa kauli. Kunasema tu kwamba njia hiyo haifiki.

Ndimi Jirani

Nimekuwa nikisoma kimya. Hakuna aliyegusa swali la kwanza la mwenye uzi, na mimi naliona ndilo zito kuliko yote.

Tazameni muundo wa hoja. Tumedhani mambo mawili: hatua ya 1 na hatua ya 2. Mwishoni tumepata mkinzano. Mkinzano unatuambia kwamba mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Hautuambii ni lipi la uongo. Kwa nini tumhukumu wa kwanza na kumwachia wa pili? Mtu mkaidi anaweza kusema: sawa, √2 ni sehemu, ila ni sehemu isiyorahisishika.

Mtema Hoja

Lakini kila sehemu inarahisishika, hilo linajulikana tangu darasa la chini.

Ndimi Jirani

Linajulikana, nami silikatai. Nasema ndilo linalofunga mlango, kwa hiyo lazima litajwe. Hatua ya 2 si dhana mpya iwapo tu hatua ya 1 inaileta. Ukiwa na sehemu yoyote ya √2, unaweza kugawa juu na chini kwa kigawo chao cha shirika, na ukirudia utafika mwisho. Kwa nini utafika? Kwa sababu kila mara asili inapungua na inabaki namba kamili kubwa kuliko 0, na namba za namna hiyo haziwezi kupungua bila kikomo. Ukianza na 470832 unaweza kuteremka hatua nyingi, lakini chini ya 1 huendi.

Kwa hiyo ningeiandika hatua ya 2 hivi: "Miongoni mwa sehemu zote zilizo sawa na √2, tuchague ile yenye asili ndogo kuliko zote." Neno "tuchague" linaonyesha kwamba hatujadhani kitu, tumechagua kutoka kwenye kundi ambalo hatua ya 1 imesema lina angalau mmoja. Mkinzano ukija, wa kulaumiwa ni hatua ya 1 peke yake.

Chaki Nyeupe

Hili limenifungua macho kweli. Nilikuwa nasema "tuseme" mara mbili kana kwamba ni kitu kile kile, kumbe ya kwanza ni dhana ninayokusudia kuiangusha na ya pili ni uchaguzi ninaoruhusiwa kuufanya. Ubaoni nitatumia maneno mawili tofauti.

Je, nikiiacha hatua ya 2 kabisa, uthibitisho unakufa?

Bi Mizani

Haufi, unabadilisha mahali pa kusimama. Bila hatua ya 2, hatua ya 7 inakwambia kwamba a na b zote zinagawanyika kwa 2, na nusu zake zinatimiza mlinganyo ule ule. Basi nusu za nusu nazo, na kuendelea bila mwisho. Ungekuwa na mteremko wa namba kamili kubwa kuliko 0 usio na kikomo, na huo haupo. Sababu ni ile ile aliyoitaja Ndimi Jirani. Tofauti ni kwamba unaitumia mwishoni badala ya mwanzoni. Huwezi kuikwepa, unachagua tu mahali pa kuilipia.

Na kwa kuwa tumefika kwenye "asili ndogo kuliko zote", niwaonyeshe uthibitisho mwingine usiotumia namba tasa hata kidogo, ili muone dhana inavyohamia mlango mwingine.

Chukua n, namba kamili ambayo si mraba wa namba kamili. Basi √n iko katikati ya namba kamili mbili zinazofuatana, k na k + 1, bila kugusa yoyote. Tuseme √n ni sehemu. Tuchague b, namba kamili ndogo kuliko zote zilizo kubwa kuliko 0 ambayo b√n ni namba kamili. Sasa tazameni namba hii: b(√n − k). Ni namba kamili, kwa sababu ni b√n kutoa bk. Ni ndogo kuliko b, kwa sababu √n − k ni chini ya 1. Ni kubwa kuliko 0, kwa sababu √n inazidi k. Na ukiizidisha kwa √n unapata bn − k(b√n), ambayo nayo ni namba kamili. Kwa hiyo tumepata namba ndogo kuliko b inayofanya kazi ya b, na b tuliichagua kuwa ndogo kuliko zote. Mkinzano.

Hoja hii inaifikia √8, ambayo ile ya kwanza haikuifikia: weka n = 8 na k = 2, kila kitu kinapita. Sasa ndugu Chaki, weka n = 4 na k = 2, uniambie inakatikia wapi.

Chaki Nyeupe

Nikiweka 4, √n − k ni 2 − 2, yaani 0. Kwa hiyo namba mpya ni 0. Ni namba kamili, ni ndogo kuliko b, na ukiizidisha kwa √4 unapata 0 ambayo ni namba kamili. Yote yanapita isipokuwa "kubwa kuliko 0". Dhana kwamba n si mraba imeingilia katika maneno hayo matatu tu! Na ningewasilisha hili bila kuulizwa, maneno hayo ningeyapita haraka kuliko mengine yote, maana yanaonekana kama mapambo.

Mtema Hoja

Na mimi nina pingamizi, na safari hii nimelifikiria kabla ya kuandika. Thibitisho zote mbili zinaandika √2 au √n kama namba iliyopo. Nani amesema ipo? Tunasema "√2 si sehemu", lakini pengine hakuna kitu cha kuwa sehemu wala kutokuwa.

Bi Mizani

Pingamizi zuri. Kauli "√2 si sehemu" imebeba kauli mbili. Moja inasema hakuna sehemu ambayo mraba wake ni 2. Nyingine inasema ipo namba halisi ambayo mraba wake ni 2. Uthibitisho wa ndugu Chaki unahusu ya kwanza pekee, na ukiuandika kuanzia "tuseme (a/b)² = 2" hauhitaji alama ya kipeuo hata mara moja. Ya pili inahitaji ukamilifu wa namba halisi, yaani kwamba mstari wa namba hauna matundu. Hiyo ni dhana ya aina nyingine kabisa, na haionekani popote katika hatua zake nane.

Ndimi Jirani

Uthibitisho wako wa pili, Bi Mizani, hauachani na kipeuo kirahisi hivyo. Umeandika b√n na √n − k ndani ya hesabu yenyewe.

Bi Mizani

Ni kweli, ingawa inawezekana kuuandika kwa namba kamili tu. Tuseme a² = nb², na b ni ndogo kuliko zote. Badala ya a/b, chukua sehemu (nb − ka)/(a − kb). Ni zile zile namba, zimevuliwa kipeuo. Naona inapoteza uwazi, kwa hiyo mimi nisingeiwasilisha hivyo.

Ndimi Jirani

Mimi ningeiwasilisha hivyo hasa, kwa kuwa anayeuliza "dhana iko wapi" ana haki ya kuona kwamba ukamilifu wa namba halisi haukutumika. Hapa nadhani tutabaki na maoni tofauti.

Asili na Kiasi

Nami niulize, kwa kuwa nina swali la kipeuo cha tatu cha 2 katika zoezi langu. Hoja ya kwanza naona inapita: a³ = 2b³, a³ ni shufwa, a ni shufwa kwa kuwa witiri mara witiri mara witiri ni witiri, halafu 8c³ = 2b³, b³ = 4c³, b ni shufwa. Je, ile ya pili, ya b ndogo kuliko zote, nayo inapita?

Chaki Nyeupe

Nimejaribu usiku huu. Nikiita kipeuo hicho t, ambapo t³ = 2 na t iko katikati ya 1 na 2, nachukua b ndogo kuliko zote ambayo bt ni namba kamili, na namba mpya ni b(t − 1). Ni namba kamili, ni ndogo kuliko b, ni kubwa kuliko 0. Lakini nikiizidisha kwa t napata bt² − bt, na sijui kama bt² ni namba kamili. Kwa √2 hapo nilikuwa na b × 2, ambayo haina shaka. Kwa hiyo nimeiona hatua inayokataa, ila sijui kama ni uthibitisho uliokatika au ni mimi niliyechagua b vibaya.

Bi Mizani

Umechagua b vibaya kidogo tu. Idai b hiyo zaidi ya ulivyoidai: itake bt na bt² zote ziwe namba kamili. Kabla hujaendelea jiulize kwanza kama b ya namna hiyo ipo, ikiwa t ni sehemu, kwa sababu hapo ndipo utaulizwa.

Chaki Nyeupe

Kama t = p/q, basi q² inatosha: q²t ni pq na q²t² ni p². Kwa hiyo kundi si tupu, na ndogo kuliko zote ipo. Naendelea na b(t − 1) nikiwa na karatasi. Bt³ sasa ni 2b, na hiyo inanipa matumaini.